Kuchaji simu kitandani: waya mrefu au ekstensheni fupi?

Vyumba vingi vya kupanga Dar es Salaam vina soketi moja tu, na mara nyingi soketi hiyo iko karibu na mlango, jirani na swichi ya taa. Ilipofungwa, hakuna aliyejua kitanda kitakaa wapi. Wewe ukishaingiza kitanda, kabati na jiko la gesi, kichwa chako kinaangukia upande wa mbali, na simu inataka kuchajiwa usiku huohuo unapoitumia.

Hapo watu huenda Kariakoo na kurudi na waya wa chaja wa mita mbili au tatu. Wengine hununua ekstensheni na kuitupa sakafuni mpaka mchagoni. Njia zote mbili zinafanya kazi, na zote mbili zinaweza kukuangusha usiku au kukuharibia tundu la chaji la simu, ambalo mafundi simu huliita sistimu chaji. Uamuzi unategemea urefu wa njia ambayo waya utapita kweli, na ni upande gani wa chaja unaubebesha urefu huo.

Hatua ya kwanza: pima njia ya ukutani, usipime hewani

Chukua futi ya fundi. Kama huna, tumia kamba kisha uipime kwa rula. Anzia kwenye soketi, shuka na ukuta, fuata ukuta mpaka usawa wa mto unakolalia, kisha panda mpaka mahali simu itakapokaa. Kama njia inabidi ikatishe mlango au sehemu unayopita kwenda nje, hiyo si njia. Zunguka upande mwingine hata kama ni mbali zaidi.

Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, yaani kama mita 3 kila upande. Kitanda ni cha nne kwa sita, kimeegemea ukuta wa kulia, kichwa kikiwa ukuta wa nyuma. Soketi iko kwenye ukuta huohuo wa kulia, sentimita 90 kutoka kona ya mbele, karibu na miguu ya kitanda, na ina kimo cha mita 1.2 kutoka sakafuni. Mpangaji anafikiria kwamba kutoka soketi mpaka kwenye mto wa kulalia ni karibu sana. Kwa mstari wa moja kwa moja ni kweli, haifiki mita 2. Ndiyo maana waya wa mita 2 unaonekana unatosha, na ndiyo maana unaishia kuning'inia juu ya kitanda kama kamba ya kuanikia nguo.

Sasa pima njia halisi. Kutoka soketi kushuka mpaka chini kidogo ya usawa wa godoro ni sentimita 80. Kufuata ukuta nyuma ya kitanda mpaka usawa wa mto ni mita 1.7. Kupanda tena mpaka juu ya godoro ni sentimita 30. Jumla ni mita 2.8, na bado hujaongeza ulegevu wa kushikia simu mkononi, kugeuka ubavu wa pili, au kuiweka sikioni ikiita. Ulegevu huo usiwe chini ya sentimita 70. Kwa hiyo chumba hiki kinahitaji mita 3.5. Waya wa mita 3, mrefu kuliko mingi inayouzwa, umepungukiwa na nusu mita, na nusu mita hiyo italipwa na tundu la simu kila utakapogeuka.

Kabla hujanunua chochote, jaribu kugeuza kitanda. Mto ukihamia upande wa soketi, pengine waya wa mita moja uliokuja na simu utatosha na habari imeishia hapo. Katika chumba chetu haiwezekani, kwa sababu ukuta wa mbele una dirisha, na Dar hii kulaza simu karibu na dirisha ni kumwekea akiba mwizi wa fimbo. Kitanda kibaki kilipo.

Hatua ya pili: amua urefu ukae upande gani wa chaja

Kichwa cha chaja kinapokea volti 230 kutoka ukutani na kutoa volti 5, au 9 kwa nyingi zinazochaji haraka. Nguvu inayoingia na inayotoka inakaribiana, kwa hiyo volti zikishuka, ampea zinapanda. Chaja ya wati 20 inavuta ukutani kama sehemu moja ya kumi ya ampea tu. Upande wa simu, chaja ya kawaida inapitisha ampea 2 kwenye waya mwembamba kuliko mrija wa juisi. Waya wowote unakula volti kidogo kulingana na urefu wake, wembamba wake, na ampea zinazopita.

Fanya hesabu kwa waya wa USB wa mita 3 wenye shaba ya unene wa kawaida, ule unaoandikwa 24AWG. Ampea 2 zikipita kwenda na kurudi, zinapotea volti 1 nzima. Kati ya volti 5 zilizotoka kwenye chaja, simu inapata 4. Waya mwembamba zaidi, wa 28AWG, ungepoteza zaidi ya volti 2 na nusu, lakini simu haikubali kufika huko. Ikiona volti zinashuka inapunguza ampea yenyewe, na ndipo unaamka saa kumi na moja alfajiri ukakuta imefika asilimia 60 tu.

Sasa weka mita 3 hizo upande wa ukutani, kwa ekstensheni ya kawaida. Ampea ni sehemu moja ya kumi, waya ni mnene, na kinachopotea hakifiki hata robo ya volti kati ya 230. Chaja haitajua kama imesogezwa.

Kwa hiyo kanuni ninayoifuata ni hii. Njia yote pamoja na ulegevu ikiwa haizidi mita 2, nunua waya mmoja mzuri wa mita 2 na usiingize ekstensheni chumbani. Ikizidi hapo, urefu wote ubebwe na ekstensheni, kisha kutoka kwenye boksi lake tumia waya mfupi wa mita moja. Waya wa USB wa mita 3 ni suluhisho la mwisho, kwa mfano kama una mtoto mdogo anayetambaa na hutaki kabisa soketi ya volti 230 karibu na kitanda. Hiyo ni sababu nzuri, na kuchaji polepole usiku kucha hakumuumizi mtu.

Chaja zinazotoa volti 9 huvumilia waya mrefu vizuri zaidi, kwa kuwa nguvu ileile inapita kwa ampea chache. Lakini baadhi ya simu zina mfumo wa kuchaji haraka wa kampuni yenyewe unaodai waya wake maalumu. Ukiunganisha waya mwingine, hata uwe mzuri vipi, simu inarudi mwendo wa kawaida. Kwa simu za namna hiyo ekstensheni inashinda moja kwa moja, maana unaendelea kutumia waya uliokuja kwenye boksi.

Na kuna kitu cha tatu kinachouzwa, kipande cha USB cha kuunganishia waya kwa waya, dume upande mmoja na jike upande wa pili. Kiache. Kinaongeza urefu upande uleule usiopenda urefu, kinaongeza kiungo kinacholegea, na kiungo hicho kinaishia katikati ya shuka. Kwa Taipu C, hata viwango vya USB vyenyewe haviruhusu kipande cha aina hiyo.

Hatua ya tatu: ukinunua waya wa mita 2

Usidanganywe na unene wa nje. Mpira mnene au kitambaa cha kusukwa kinaweza kuwa kimefunika shaba nyembamba kama uzi. Soma maandishi madogo yaliyochapwa kwenye mwili wa waya. Ukikuta 28AWG/1P+24AWG/2C, namba ya kwanza ni ya nyuzi za data na ya pili ni ya nyuzi za umeme. Hapa namba ndogo ndiyo nene: 24 ni nzuri kwa mita 2, 22 au 20 ni bora zaidi. Zote mbili zikiwa 28, waya huo unafaa kuwa wa nusu mita. Usipokuta maandishi yoyote, hukumu kwa kuujaribu.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Chukua waya mfupi uliokuja na simu, chaja ileile, simu ikiwa na asilimia 30, kioo kimezimwa. Chaji nusu saa uandike imepanda kiasi gani. Siku nyingine anza tena na asilimia 30, tumia waya mrefu. Ukipoteza asilimia chache, sawa. Ukikuta waya mrefu umepandisha nusu ya ule mfupi, rudisha dukani kama muuzaji anakubali, au uuhamishie kwenye redio. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu betri ikikaribia kujaa simu hupunguza mwendo yenyewe hata kwa waya bora.

Angalia pia shingo, pale waya unapoingia kwenye kichwa cha plagi. Iwe na mpira laini unaopinda kwa mviringo. Shingo ngumu inayoishia ghafla inakatika nyuzi ndani baada ya miezi michache, na kabla ya kukatika inakuwa imehamishia msukumo wote kwenye tundu la simu.

Hatua ya nne: ukinunua ekstensheni

Hapa kuwa mkali zaidi, maana unaileta volti 230 kulala nawe. Katika chumba chetu njia mpaka boksi ni mita 2.8, hivyo ekstensheni ya mita 3 inatosha na inabaki sentimita 20 za kulegeza. Usinunue ya mita 5 kwa hoja kwamba huenda ukahama. Mita 2 zilizobaki ndizo zitakazojikunja sakafuni na kukudaka mguu.

Tafuta alama ya TBS, kisha usiiamini peke yake. Shika sumaku, hata ya spika mbovu, uigusishe kwenye miguu ya plagi. Miguu ya shaba nyeupe haivutwi. Ikishika, ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, na chuma hupata joto na kutu, hasa kwa unyevu wa mji huu wa pwani. Soma waya: 3x0.75 maana yake kuna nyuzi tatu, kila moja na milimita 0.75 za mraba, na hiyo inatosha kwa simu, taa na feni. Ukikuta waya una nyuzi mbili tu wakati boksi lina matundu matatu, ujue tundu la ethi halijaunganishwa na kitu.

Chagua boksi lenye matundu ya kawaida ya miguu mitatu bapa. Yale yenye matundu mapana yanayopokea plagi ya kila nchi hayabani vizuri plagi yoyote. Chaja inalegea, inatoa cheche ndogondogo, na plastiki inaanza kubadilika rangi. Na kama chaja yako ina miguu miwili ya mviringo, tafuta adapta inayobana, uachane na ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke. Plagi iliyoingia kwa njia hiyo haikai imara, na usiku chumbani huwezi kuona inavyochomoka nusu ikiacha miguu wazi.

Fungua plagi ya ekstensheni uangalie fyuzi. Nyingi zinakuja na ya ampea 13, ambayo ni kubwa mno kwa waya wa 0.75. Weka ya ampea 3. Inabeba karibu wati 690, simu zote za nyumba na feni juu yake. Mtu akija kuchomeka jagi la umeme la wati 2000, ambalo linavuta karibu ampea 9, fyuzi itakatika kabla waya haujaanza kuyeyuka. Lakini usiitegemee kwa kila kitu. Pasi ya wati 1000 inavuta kama ampea 4 na kidogo, na fyuzi ya 3 inaweza kuvumilia kiasi hicho kwa muda mrefu bila kukatika. Kwa hiyo pasi ibaki kwenye soketi ya ukutani, na hilo waambie wote mnaoishi nao chumba kimoja.

Maboksi mengine yana matundu ya USB ya moja kwa moja. Ni ya msaada kwa simu ya kitochi, lakini mara nyingi matundu hayo yanagawana nguvu, ukichomeka simu mbili zote zinachechemea. Bakia na kichwa cha chaja yako.

Hatua ya tano: kupitisha waya chumbani

Waya upite upande usioshukia. Hili ndilo linalosahaulika, na kwa sisi tunaolala kwenye neti lina uzito wa ziada. Usiku unainua neti, unatoa miguu, unasimama, yote gizani, huku macho hayajafunguka. Waya ukiwa umeingilia upande huohuo, utaunasa kwa kidole au utauvuta pamoja na neti. Simu inaanguka na waya wake, na inapotua kwa plagi, tundu linapinda. Katika chumba chetu kitanda kimeegemea ukuta wa kulia, hivyo waya unapita ukutani na mtu anashukia kushoto. Havikutani.

Neti yenyewe usiifunge juu ya waya ovyo. Ukiichomeka chini ya godoro na waya umepita ubavuni, panabaki mwanya ambao mbu wanaujua kuliko wewe. Pitisha waya mfupi kichwani, kati ya godoro na ubao wa kitanda, halafu neti ishuke nyuma yake na kuchomekwa kama kawaida. Hapo uzito wa godoro unabana neti bila kubana waya.

Kwa ukuta tumia klipu za plastiki zenye msumari mdogo, moja kila baada ya sentimita 30 hivi. Zungumza na mwenye nyumba kwanza. Kwenye plasta ngumu misumari hiyo hupinda, na fundi atakutobolea kwa drili kwa dakika chache. Vishikizo vya gundi hushika vizuri kwenye rangi ya mafuta, lakini kwenye rangi ya maji inayotoa vumbi hubanduka na rangi yake. Usitumie misumari mirefu iliyokunjwa juu ya waya, kwa sababu kila kitanda kinaposogea inauma mpira kidogokidogo. Kuufunga waya kwenye fremu ya kitanda kunakubalika kama umeacha ulegevu wa kutosha karibu na soketi. Bila ulegevu huo, siku ya kusogeza kitanda ili udeki, utang'oa plagi.

Usipitishe ekstensheni chini ya kapeti wala mkeka. Haikuangushi, ni kweli, lakini inakanyagwa kila siku pasipo kuonekana, na joto lake halina pa kutokea. Wala usiuache waya ubanwe kati ya mguu wa kitanda na ukuta.

Boksi lifungwe juu ya usawa wa godoro, ukutani au kwenye ubao wa kichwani, kwa skrubu kupitia matundu yaliyo nyuma yake. Lisikae sakafuni, ambako maji ya kudeki yanalifikia, na wakazi wa bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa maji ya masika huingia ndani kwa kasi gani. Lisikae juu ya godoro pia. Chaja ikifunikwa na shuka au mto inahifadhi joto lake lote, na ndivyo ilivyo kwa simu iliyolazwa chini ya mto.

Hatua ya sita: zile sentimita 70 za mwisho

Mpaka hapa umeokoa miguu. Sasa tundu la simu. Kinacholiua ni nguvu inayokuja kwa pembeni, si idadi ya mara unazochomeka. Matundu ya Taipu C yametengenezwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000. Lakini ndani yake kuna ulimi mwembamba uliosimama katikati, na plagi ikisukumwa juu au chini inakuwa kama wenzo juu ya ulimi huo na juu ya lehemu zilizoushikilia kwenye bodi.

Dawa ni kuufunga waya kabla haujafika kwenye simu. Chagua sehemu moja ngumu karibu na mto, kama ubao wa kichwani. Funga waya hapo kwa kebo tai iliyolegea kidogo au kwa utepe wa kitambaa, ukiacha sentimita 70 za kucheza upande wa simu. Katika chumba chetu waya wa mita 1 unatumia sentimita 30 kutoka boksi mpaka kwenye kifungo, na zinazobaki ndizo za mkono. Mtu akiuvuta, mvuto unaishia kwenye kifungo. Usibane mpaka mpira uingie ndani, kwa kuwa hapo ndipo nyuzi zitakapokatika.

Baada ya kufunga, lala kitandani ujaribu. Shika simu juu ya uso, geuka kulia, geuka kushoto, iweke sikioni. Katika mkao wowote ule waya uwe bado na tumbo, usinyooke. Ukinyooka kwenye mkao mmoja tu, sogeza kifungo au uache mkao huo ukiwa unachaji. Urefu ukizidi sana pia ni tatizo, kwa sababu waya utazunguka mkono usingizini, na mtoto anayelala nanyi atauchezea.

Jihadhari na tabia ya kusimamisha simu juu ya kifua, plagi ikiwa chini. Uzito wote wa simu unakaa kwenye plagi, na kila pumzi inaisukuma. Kama huwezi kuiacha, hapo ndipo plagi ya pembe, ile iliyokunjwa kama herufi L, inapofaa, kwa sababu waya unatokea pembeni na plagi haichomozi sana. Kwa simu inayolazwa tu mezani plagi iliyonyooka haina kosa. Vichwa vya sumaku vinavyoachia vikivutwa vinaokoa simu mguu unaponasa, ila sehemu zake za kugusana ni ndogo, zinadaka vumbi la chuma na kupata joto, kwa hiyo mimi siviweki kwenye chaja yenye nguvu.

Dalili za kufuatilia

Baada ya wiki kadhaa gusa plagi ya ekstensheni na kichwa cha chaja asubuhi kabla hujavichomoa. Kichwa cha chaja kuwa na uvuguvugu ni kawaida. Plagi ya ekstensheni ikiwa ya moto wakati inabeba simu tu, kuna sehemu isiyobana, na harufu ya plastiki inayoungua au mlio wa kukatakata unathibitisha. Zima kwenye swichi ya soketi, chomoa, usiirudishe. Kama soketi ya ukutani yenyewe imekuwa ya kahawia, hiyo ni kazi ya fundi umeme, na kubadili ekstensheni hakutasaidia.

Upande wa simu, dalili ya kwanza ni kuchaji na kuacha unapoutikisa waya. Usikimbilie kusema sistimu chaji imekufa. Jaribu kwanza waya mwingine. Ukikaa vizuri, tatizo lilikuwa waya. Ukitikisika vilevile, zima simu, mulika ndani ya tundu kwa tochi. Mara nyingi utakuta pamba ya mfukoni na nyuzi za blanketi zimeshindiliwa chini, zinaizuia plagi kuingia mpaka mwisho. Zitoe polepole kwa kijiti cha meno cha mbao, usitumie sindano wala pini. Plagi ikianza tena kuingia kwa mlio mdogo wa kujifunga, umeokoa hela ya fundi.

Ikiwa tundu ni safi, umejaribu waya mbili, na bado inabidi uegemeze plagi upande mmoja ndipo ichaji, basi ulimi au lehemu vimelegea. Usiendelee kuegemeza kwa kuweka kitabu juu ya waya, kwa sababu sehemu iliyolegea inapata joto na inaweza kuchoma bodi. Simu nyingi za bei ya kati zina tundu la chaji kwenye bodi ndogo inayobadilishwa peke yake bila kugusa bodi kubwa. Muulize fundi kama ya kwako ni ya aina hiyo kabla hujakubaliana bei.